Siku ya 21 si ya kila mwanamke: kusoma vipimo vya homoni pale hedhi inaporuka

*"Daktari, nina miaka 33. Tangu nivunje ungo hedhi yangu haina tarehe: mara siku 36, mara 47, mara 58. Mimi na mume wangu tuna mwaka na nusu tunatafuta mtoto. Nilitolewa damu siku ya 21: FSH 4.6, LH 9.1, estradioli 96, projesteroni 0.7, prolaktini 34. Aliyenisomea majibu alisema FSH na projesteroni ziko chini, mayai yanakaribia kwisha, akanipa dozi ya miezi mitatu ya kuweka homoni sawa. Sijaianza. Je, ni kweli mayai yanakwisha? Na nilipie kipimo cha AMH?"*

Dada yangu, hapana. Hakuna namba hata moja kwenye karatasi hiyo inayoonyesha kwamba mayai yako yanakwisha. Mayai yanapokwisha FSH hupanda, haishuki. Na projesteroni ya 0.7 siku ya 21, kwa mwanamke mwenye mzunguko mrefu kama wako, ndiyo hasa ninayotarajia kuiona, kwa sababu siku hiyo yai lilikuwa bado halijatoka. Umefanya vizuri kutoianza dozi ile, na nakuomba uendelee kuiacha kabatini.

Sisemi kwamba huna tatizo. Hedhi inayokuja baada ya siku 36 hadi 58 maana yake ni kwamba yai lako hutoka kwa nadra na bila ratiba, na huenda baadhi ya miezi halitoki kabisa hata kama damu imetoka. Hilo linatosha kuchelewesha ujauzito. Lakini ni tatizo la aina nyingine na ulilotishwa nalo, na tiba yake ni nyingine. Tatizo la kwanza nililoliona ni kwamba kipimo kilifanywa kwa kalenda ya mtu mwingine.

Nianze na FSH, maana ndiyo inayosomwa vibaya mara nyingi. FSH hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo iitwayo pituitari, na kazi yake ni kuziita ovari ziandae yai la mwezi. Mfikirie mama anayeita watoto warudi nyumbani jioni. Watoto wakiwa wengi hapo uani, anaita mara moja kwa sauti ya kawaida, wanaitika, ananyamaza. Wakiwa wamebaki wawili tu, tena mbali, anapaza sauti, anarudia, anapaza zaidi. Pituitari hufanya hivyo hivyo. Vijifuko vya mayai vikiwa vingi huitika kwa kutoa homoni zinazoiambia pituitari "tumesikia", na FSH inabaki chini. Vikiwa vichache mwitikio unakuwa hafifu, na FSH inapanda ikijaribu kuviamsha. Kwa hiyo anayekuambia FSH ya 4.6 ni dalili ya mayai kwisha amesoma sauti ya mama kinyume.

Sauti hiyo inabidi isikilizwe kwa wakati wake. Tunaipima mwanzoni mwa hedhi, kati ya siku ya 2 na ya 5, kwa sababu siku hizo ovari zimetulia, mzunguko uliopita umekwisha na mpya haujashika kasi. Hapo ndipo unaona ni nguvu kiasi gani inahitajika kuanzisha kazi. FSH chini ya 10 IU/L siku hizo kwa kawaida haitutii wasiwasi. Ikianza kuvuka 10 na kuendelea, tunafikiri akiba imepungua. Kwa mwanamke aliye chini ya miaka 40 ambaye hedhi imeruka kwa miezi minne au zaidi, FSH inayovuka 25 inatufanya tufikirie kwamba ovari zimeacha kufanya kazi mapema, na hilo ni jambo la kufuatiliwa upesi na daktari bingwa.

Siku ya 1 ni ipi? Ni siku damu nyekundu inapotoka kiasi cha kuhitaji pedi. Matone ya rangi ya kahawia ya siku moja au mbili kabla hayahesabiwi. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona wanawake wakija "siku ya 3" kumbe kwa hesabu sahihi ni siku ya 1, na wengine wakija siku ya 8 kwa sababu maabara ilikuwa imefungwa wikiendi na hakuna aliyewaambia kwamba siku hiyo imeshapita.

Sasa, FSH haipaswi kupimwa peke yake. Inapimwa pamoja na estradioli, aina ya estrojeni inayotolewa na vijifuko vinavyokua, kwa damu ileile ya asubuhi ileile, na sababu yake nitakuonyesha kwa mgonjwa mmoja niliyemhudumia. Alikuwa na miaka 37. Hedhi yake ilikuwa ya siku 28 miaka yote, kisha ndani ya mwaka mmoja ikawa inakuja kila siku 24 au 23. Alipima FSH siku ya 3, ikaja 8.2. Akaambiwa iko sawa, akarudi nyumbani. Alipofika kwangu niliangalia karatasi yake upande wa chini, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amepasoma: estradioli 130 pg/mL. Siku ya 3 tunatarajia estradioli iwe ndogo, chini ya takriban 60 hadi 80. Yake ilikuwa juu kwa sababu kijifuko kimoja kilikuwa kimeanza kukua mapema, hata kabla mzunguko uliotangulia haujaisha vizuri. Estradioli ikishakuwa nyingi huinyamazisha pituitari, na FSH inashuka na kuonekana nzuri. Tuliporudia mzunguko uliofuata estradioli ilikuwa 41, na FSH ikajitokeza kwa sura yake: 16. Karatasi ile ya kwanza ilimpotezea miezi mitano.

Tazama pia jambo jingine kwa mama huyo. Akiba ya mayai inapoanza kupungua, mara nyingi dalili ya kwanza ni hedhi *kukaribiana*. Mzunguko uliokuwa wa siku 28 unakuwa wa 25, kisha 23. Kuruka kwa miezi huja baadaye. Wewe hedhi zako zimekuwa mbalimbali tangu ulipovunja ungo, miaka karibu 20 sasa, bila kubadilika sana. Mwendo huo peke yake, hata kabla sijaona damu, unanielekeza kwingine.

Turudi kwenye projesteroni yako. Yai likishatoka, kijifuko kilichopasuka hugeuka kinundu cha njano kinachotengeneza projesteroni. Kinundu hicho huishi takriban siku 14, kisha hunyauka, projesteroni inaanguka, na hedhi inakuja. Kipindi hiki cha pili cha mzunguko hakibadiliki sana kutoka mwanamke mmoja hadi mwingine. Kinachorefuka au kufupika ni kile cha kwanza, cha kuandaa yai. Ndiyo maana tunahesabu kurudi nyuma kutoka hedhi inayotarajiwa, na projesteroni hufika kileleni kama siku 7 kabla ya hedhi hiyo. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 akitoa 7 anapata 21. Hapo ndipo ilipotoka "siku ya 21", na ni ya mwanamke wa siku 28 tu.

Fanya hesabu yako. Tuseme mzunguko ule uliopimwa ulikuwa wa siku 47. Toa 14, yai lilitoka karibu siku ya 33. Ongeza 7, kilele cha projesteroni kilikuwa siku ya 40. Siku ya 21 wewe ulikuwa bado siku 12 kabla yai halijatoka. Kama ungekuwa mzunguko wa siku 58, kilele kingekuwa siku ya 51. Kupima projesteroni kabla yai halijatoka ni sawa na kufika shambani wiki mbili kabla ya mavuno na kutangaza kwamba mahindi hayakuzaa. Namba ya 0.7 ni ya kweli, ila haijibu swali lililoulizwa.

Ili ijibu, inabidi tukisie yai limetoka lini. Kwa mtu ambaye mizunguko yake inatofautiana kwa wiki tatu, kalenda haisaidii, kwa hiyo tunatumia mwili wenyewe. Siku chache kabla yai halijatoka, ute wa ukeni huwa mwingi, wa kuteleza, unavutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi la kuku. Siku ya mwisho unapouona ute wa namna hiyo, iandike, hesabu siku 7, nenda ukapime. Njia nyingine ni kupima projesteroni kila baada ya siku 7 kuanzia karibu siku ya 28 mpaka hedhi ije. Ni gharama, lakini kwa mizunguko kama yako mara nyingi ndiyo njia pekee isiyobahatisha. Vile vijiti vya mkojo vinavyotafuta LH, homoni ya pituitari inayopanda ghafla yai linapokaribia kutoka, vinauzwa famasi na huwasaidia wanawake wengi, ila wenye hedhi ya kuruka mara nyingi LH yao iko juu muda wote, na kijiti huonyesha mistari miwili siku ambazo hakuna yai lolote linalotoka. Usivitegemee peke yake.

Projesteroni ikizidi 3 ng/mL tunasema yai lilitoka. Usihangaike kama ni 8 au 14. Homoni hii hutoka kwa mapigo, na damu ya saa 3 asubuhi na ya saa 6 mchana ya mwanamke yuleyule zinaweza kupishana sana bila maana yoyote. Na kabla hujalinganisha namba yako na ya shoga yako, angalia kipimo kilichoandikwa pembeni. Maabara nyingine hutoa majibu kwa nmol/L, na hapo 3 inakuwa karibu 10. Hata wewe umeniandikia namba bila vipimo vyake. Estradioli ya 96 ikiwa ni pg/mL inaonyesha kijifuko kilikuwa kimeshaanza kukua. Ikiwa ni pmol/L, ni sawa na 26 tu, yaani ovari ilikuwa bado imetulia. Hakuna kati ya hizo mbili inayosema mayai yanakwisha, lakini unaona jinsi herufi chache zinavyobadilisha habari nzima. Ukija kliniki njoo na karatasi yenyewe, usije na namba ulizozinakili kwenye simu.

Prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, ya kwako ni 34 na sikuipuuza. Maabara nyingi huweka kikomo karibu na 25 ng/mL. Prolaktini ikipanda kweli huifunga njia ya FSH na LH, na hedhi inaruka. Lakini hii ni homoni yenye hofu. Inapanda ukitoka usingizini, ukila, ukiwa na wasiwasi, ukichomwa sindano kwa kutafutwa mshipa mara tatu, hata matiti yakichezewa usiku wa kuamkia kipimo. Inapanda pia kwa dawa kadhaa zinazotumika kila siku hospitalini kwetu: metoklopramidi ya kuzuia kutapika, metildopa ya presha, na dawa nyingi za magonjwa ya akili. Kupanda kidogo kama kwako hurudiwa kabla ya kutibiwa. Nenda asubuhi, saa mbili au tatu baada ya kuamka, hujala, keti kwenye benchi umetulia kama nusu saa ndipo utolewe damu. Siku yoyote ya mzunguko inafaa. Ikirudi chini, tunaifuta kwenye orodha. Ikibaki juu, au ikivuka 100, tunatafuta chanzo, ikiwemo kupiga picha ya kichwa kwa MRI. Na kama unaona maziwa yakitoka bila kunyonyesha, au una maumivu ya kichwa yasiyoisha na macho yanakosa kuona pembeni, usisubiri mzunguko wowote.

Kuna kipimo ambacho hakimo kabisa kwenye orodha yako, nacho ni TSH, cha tezi ya shingo. Tezi hiyo ikiwa mvivu huvuruga hedhi na vilevile huweza kuipandisha prolaktini, kwa hiyo kipimo kimoja kinaweza kueleza mambo mawili. Hakina siku maalumu. Sielewi kwa nini mwanamke alipishwe homoni tano na hiki kiachwe, na ningependa ukifanye siku ileile ya kurudia prolaktini.

AMH sasa, maana ndiyo uliyoniuliza kama uilipie. AMH hutengenezwa na vijifuko vidogo vilivyomo ndani ya ovari, vile vinavyosubiri zamu. Vikiwa vingi AMH huwa juu, vikiwa vichache huwa chini. Haipandi na kushuka sana ndani ya mwezi, kwa hiyo hupimwa siku yoyote, na hiyo ni faida kubwa kwa mtu ambaye hajui hedhi itakuja lini. Huo ndio uzuri wake. Mipaka yake ndiyo watu hawaambiwi. AMH inakadiria *idadi*, haijui lolote kuhusu ubora wa mayai. Ubora unafuata umri zaidi ya kitu kingine chochote. Mwanamke wa miaka 27 mwenye AMH ndogo ana mayai machache ya miaka 27, na wa miaka 42 mwenye AMH kubwa ana mayai mengi ya miaka 42. Zaidi ya hapo, AMH haitabiri nani atashika mimba kwa njia ya kawaida. Mwaka 2017 jarida la madaktari la JAMA lilichapisha utafiti wa wanawake wa miaka 30 hadi 44 waliokuwa wanaanza kutafuta mtoto, wasio na historia ya ugumba. Wale wenye AMH ndogo hawakushika mimba kwa uchache kuliko wenzao. Inaeleweka ukifikiri kidogo: kwa mwezi unahitaji yai moja tu.

AMH inasaidia hasa pale mtu anapopanga kupandikizwa mimba, ili daktari ajue ovari zitaitika kiasi gani kwa sindano za kukuza mayai, au pale ambapo ovari zilipasuliwa, au mtu alitibiwa saratani, au mama na dada zake walikoma hedhi mapema. Wewe hukunitajia lolote kati ya hayo. Kwa hiyo, kama fedha ni ya kuchagua, usianze na AMH. Kwa kawaida ndiyo ghali kuliko wenzake kwenye orodha, na fedha hiyo ina kazi bora zaidi ambayo nitakutajia hivi punde.

Ukiniuliza nadhani ingekuja ngapi, ningesema juu. Hedhi za mbalimbali tangu usichana, mayai yasiyotoka kwa wakati, FSH isiyopanda: hayo yananifanya nifikirie hali ambayo kwenye karatasi huandikwa PCOS. Ovari za hali hiyo zina vijifuko vingi kuliko kawaida, ila vinagandana njiani, hakuna kinachokomaa na kuwatangulia wenzake. Ovari iliyojaa na isiyotoa, ndiyo maana nilisema tatizo lako linaelekea kinyume cha lile ulilotishwa nalo. Lakini sikupi jina hilo kwa barua. Linahitaji angalau mambo mawili kati ya matatu: hedhi zisizo na mpangilio, dalili za homoni za kiume kuzidi (ndevu kidevuni, chunusi nyingi, au testosteroni iliyo juu kwenye damu), na vijifuko vingi kwenye ultrasaundi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unaruhusu AMH iliyo juu ichukue nafasi ya ultrasaundi kwa mtu mzima. La kwanza unalo. Ya pili hukuniambia, jiangalie. Na ni lazima prolaktini na tezi ya shingo viondolewe kwanza. Kuna watakaokuonyesha kwamba LH yako ni karibu mara mbili ya FSH na kusema hiyo ni PCOS. Uwiano huo si kigezo, tena ulipimwa siku isiyofaa.

Kabla ya kupima upya, ondoa vitu vinavyopotosha. Kama unakunywa vidonge vya kukuza nywele na kucha, soma kopo lake. Vingi vina bayotini kwa wingi, na bayotini huingilia mashine nyingi za maabara: FSH na TSH zinaweza kusomeka chini kuliko zilivyo, estradioli na projesteroni juu. Acha angalau siku mbili au tatu kabla, na umwambie mpimaji. Kama ulikuwa unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, mwambie daktari tarehe ya mwisho kuchomwa, kwa sababu kurudi kwa ujauzito baada ya sindano hiyo huchukua wastani wa takriban miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na hedhi za kipindi hicho zinaruka bila ugonjwa. Na ile dozi ya miezi mitatu, sababu yangu ya kuikataa ni hii: hakuna dawa moja ya "kuweka homoni sawa". Mwenye prolaktini ya juu anatibiwa kivyake, mwenye tezi mvivu kivyake, asiyetoa mayai kivyake. Dawa isiyojulikana kilichomo itavuruga pia vipimo tunavyotaka kuvirudia.

Fedha uliyotaka kuiweka kwenye AMH iweke kwa mume wako. Kipimo cha mbegu za kiume ni rahisi, hakina siku ya mzunguko, anahitaji tu kukaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga kabla ya kutoa sampuli. Mwaka na nusu umepita na katika barua yako nzima hakuna neno juu yake. Mirija yako pia haijaangaliwa, na homoni haziwezi kuisemea: mwanamke anaweza kuwa na namba nzuri zote na mirija imeziba kwa maambukizi ya zamani. Picha ya eksirei ya mirija hufanywa hedhi ikishakauka na kabla yai halijatoka, lakini hiyo ipange na daktari wako baada ya majibu ya mume.

Yakithibitika kwamba mayai hayatoki na mengine yako sawa, dawa ya kwanza tunayotumia sana siku hizi kwa PCOS ni letrozoli, siku tano mwanzoni mwa mzunguko, kwa maelekezo ya daktari na ikiwezekana kwa kufuatilia na ultrasaundi. Usiinunue kaunta kwa kusikia. Kama una uzito uliozidi, kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 kwa baadhi ya wanawake kunatosha kurudisha hedhi. Uliza pia upimwe sukari na presha, kwa sababu hali hii huambatana navyo.

Hedhi ikipita siku 90 bila kuonekana, nenda hospitali hata kama hutafuti mtoto, kwa sababu ukuta wa mfuko wa uzazi usiosafishwa na hedhi kwa muda mrefu hujijenga kupita kiasi. Cha kwanza ni kupima mimba, hata kama una hakika haipo. Ikiwa haipo, daktari anaweza kukupa vidonge vya projestini, dawa inayofanya kazi kama projesteroni, kwa siku chache. Damu ikija baada ya kuvimaliza, inatuambia estrojeni ipo na mfuko wa uzazi unaitika, na siku ya 2 hadi 5 ya damu hiyo inaweza kutumika kwa vipimo vya mwanzo. Msomaji mwingine anayepitia hapa ambaye alitokwa damu nyingi sana wakati wa kujifungua, hakupata maziwa, na hedhi haijarudi, asome kwa makini: kwako FSH ya chini pamoja na estradioli ya chini inaweza kumaanisha pituitari yenyewe iliumia, na hilo ni la kwenda kwa daktari wiki hii, si mwezi ujao.

Wewe, dada yangu, subiri hedhi inayokuja. Andika tarehe ya siku ya 1 kwenye karatasi ya maombi ya maabara kwa mkono wako, juu, mahali panapoonekana, pamoja na tarehe za hedhi tatu zilizopita. Asubuhi moja kati ya siku ya 2 na ya 5 utolewe damu ya FSH, LH, estradioli, TSH, prolaktini na testosteroni, zote kwa mkupuo mmoja. Ikianza Ijumaa na maabara yenu haifunguliwi wikiendi, usiwe na hofu. Jumatatu ni siku ya 4, bado upo ndani ya muda.